Kosa la kuchungulia mbele katika upimaji wa mbinu za biashara

Kosa la kuchungulia mbele ni hitilafu inayotokea wakati mbinu ya kununua na kuuza hisa, fedha za kigeni au bidhaa inapopimwa kwa bei za zamani, halafu hesabu ikatumia habari ambayo mfanyabiashara wa siku ile asingeweza kuwa nayo. Matokeo yake ni faida inayoonekana kwenye karatasi tu. Mbinu ikipelekwa sokoni, faida hiyo haionekani, kwa sababu huko hakuna anayepewa bei ya kesho.

Kosa hili halihitaji udanganyifu wa makusudi. Mara nyingi hutokana na mstari mmoja wa hesabu uliopangwa vibaya, au na jedwali la data lililorekebishwa miaka mingi baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Ndiyo maana huwapata hata watu makini.

## Upimaji kwa bei za zamani

Upimaji kwa bei za zamani ni kuirudia historia ya soko siku baada ya siku na kuuliza: kama kanuni hii ingefuatwa bila kuyumba, fedha zingekuwa kiasi gani leo? Mambo matatu yanahitajika. La kwanza ni kanuni iliyoandikwa wazi, isiyoacha nafasi ya kubahatisha, kwa mfano "shika hisa ikiwa bei ya kufunga iko juu ya wastani wake wa siku 200". La pili ni bei zenye tarehe. La tatu ni daftari la mapato na matumizi linaloonyesha kila ununuzi na kila uuzaji, kwa bei gani na saa gani.

Jaribio la zamani lenye kueleweka vizuri ni lile la Alfred Cowles, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1933 katika jarida la Econometrica uchunguzi wake kuhusu watabiri wa soko la hisa. Miongoni mwa aliowachunguza alikuwa William Peter Hamilton, mhariri wa gazeti la Wall Street Journal, aliyeandika maoni kuhusu mwelekeo wa soko kuanzia mwishoni mwa 1903 hadi 1929. Cowles alikokotoa kwamba mtu ambaye angefuata maoni hayo angepata takriban asilimia 12 kwa mwaka, ilhali aliyenunua hisa na kutulia nazo angepata takriban asilimia 15.5. Nguvu ya jaribio lile ilikuwa katika chanzo chake. Maoni ya Hamilton yalikuwa yamekwisha kuchapishwa gazetini yakiwa na tarehe, na hakuna aliyeweza kuyarekebisha baada ya kuona soko lilikokwenda.

Mtu anayepima mbinu kwa kompyuta hana kinga hiyo. Bei zote, za mwanzo na za mwisho, zimekaa mbele yake katika jedwali moja, na programu inaweza kusoma mstari wa kesho kwa urahisi uleule inaosoma wa jana. Hali yake ni kama ya mtahiniwa aliyefungiwa chumbani pamoja na karatasi ya majibu: hata asipokusudia kuitazama, ni lazima ithibitishwe kwamba hakuitazama.

## Mfano: Machi 2020

Fahirisi ya S&P 500, inayojumlisha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilitikisika sana mwezi Machi 2020, janga la UVIKO-19 lilipoenea. Siku hizo zinafaa kwa mfano kwa sababu mabadiliko ya bei ni makubwa, na kosa linaonekana bila darubini.

Kanuni ya kupimwa ni hii: bei ya kufunga ikiwa juu ya wastani wa bei za kufunga za siku tatu, yaani siku yenyewe na mbili zilizotangulia, shika hisa. Ikiwa chini, kaa na fedha taslimu. Ni kanuni ya kufundishia tu. Gharama za miamala na gawio zimeachwa, na inachukuliwa kwamba mtu anaweza kununua fahirisi nzima, jambo ambalo kwa kawaida hufanywa kupitia mfuko wa uwekezaji unaoifuata.

| Tarehe | Bei ya kufunga | Badiliko la siku (%) | Wastani wa siku 3 | Ishara |
|---|---|---|---|---|
| 12 Machi | 2,480.64 | −9.51 | 2,701.42 | fedha |
| 13 Machi | 2,711.02 | +9.29 | 2,644.35 | hisa |
| 16 Machi | 2,386.13 | −11.98 | 2,525.93 | fedha |
| 17 Machi | 2,529.19 | +6.00 | 2,542.11 | fedha |
| 18 Machi | 2,398.10 | −5.18 | 2,437.81 | fedha |
| 19 Machi | 2,409.39 | +0.47 | 2,445.56 | fedha |
| 20 Machi | 2,304.92 | −4.34 | 2,370.80 | fedha |
| 23 Machi | 2,237.40 | −2.93 | 2,317.24 | fedha |
| 24 Machi | 2,447.33 | +9.38 | 2,329.88 | hisa |
| 25 Machi | 2,475.56 | +1.15 | 2,386.76 | hisa |
| 26 Machi | 2,630.07 | +6.24 | 2,517.65 | hisa |

Mwekezaji wa mfano ana dola 100,000 taslimu soko linapofungwa tarehe 12 Machi. Mpimaji wa kwanza anasoma jedwali kwa mlalo: kila mstari wenye neno "hisa" anaupa badiliko la siku ileile. Kwa hiyo anahesabu faida ya tarehe 13, 24, 25 na 26. Siku nyingine anakaa pembeni. Fedha zake zinafika takriban dola 128,470, ambayo ni faida ya asilimia 28.5 katika siku kumi za soko.

Hapo ndipo kosa lilipo. Neno "hisa" la tarehe 13 Machi lilijulikana tu baada ya soko kufungwa siku hiyo, saa kumi jioni ya New York. Wakati huo kupanda kwa asilimia 9.29 kulikuwa kumekwisha. Ili kukupata, mwekezaji alihitaji kuwa ameshika hisa tangu kufungwa kwa soko la tarehe 12, na jioni ile kanuni yake ilikuwa ikimwambia akae na fedha.

Mpimaji wa pili anasogeza ishara mstari mmoja chini. Ishara ya jioni ya tarehe 13 anaitumia kwa badiliko la siku ya soko inayofuata, ambayo ni Jumatatu tarehe 16. Siku hiyo soko lilianguka kwa asilimia 11.98, naye alikuwa ndani. Ishara ya tarehe 16 ikamtoa, akabaki nje hadi jioni ya tarehe 24, hivyo kupanda kukubwa kwa tarehe 24 hakukupata. Alipata tarehe 25 na 26. Mwisho wa hesabu ana takriban dola 94,590, yaani hasara ya asilimia 5.4.

Mtu aliyenunua jioni ya tarehe 12 na kutofanya lolote hadi tarehe 26 angekuwa na takriban dola 106,020. Kwa maneno mengine, kanuni ileile, kwa bei zilezile, inaonekana ya ajabu ikihesabiwa kwa kosa, na ikihesabiwa sawasawa inashindwa na uvivu.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba madaftari ya wapimaji hawa wawili yanatofautiana kwa siku tatu tu kati ya kumi: tarehe 13, 16 na 24. Hizo ni siku ambazo bei ilivuka mstari wa wastani. Bei ikivuka kwenda juu, karibu kila mara siku hiyo ni ya kupanda. Ikivuka kwenda chini, karibu kila mara ni ya kuanguka. Anayechungulia hupata kila siku ya kuvuka kwenda juu na huepuka kila siku ya kuvuka kwenda chini, bila kulipia chochote. Faida yake ya uongo basi inategemea mara ngapi bei ilivuka, na siku za kuvuka zilikuwa kubwa kiasi gani.

Hii inaeleza kwa nini kosa ni rahisi kulitambua katika wastani wa siku tatu na gumu katika wastani wa siku 200. Wastani mrefu huvukwa mara chache, kwa hiyo kosa huongeza pointi kiasi tu za asilimia kwa mwaka. Matokeo yanapendeza bila kuwa ya kushangaza, na mpimaji hana sababu ya kurudi kukagua. Faida ya uongo iliyo ndogo ni hatari kuliko ile kubwa, maana kubwa hujifichua yenyewe.

### Katika programu

Katika lugha ya Python, tofauti kati ya mpimaji wa kwanza na wa pili ni neno moja. Hapa `bei` ni safu ya bei za kufunga kuanzia tarehe 10 hadi 26 Machi (bei za tarehe 10 na 11 zilikuwa 2,882.23 na 2,741.38, nazo zinahitajika kwa wastani wa kwanza):

```python
wastani = bei.rolling(3).mean()
ishara = (bei > wastani).astype(int)
badiliko = bei.pct_change()

kosa = (1 + ishara * badiliko).prod()            # 1.2847
sahihi = (1 + ishara.shift(1) * badiliko).prod() # 0.9459
```

Amri `shift(1)` huchukua ishara ya jana na kuiweka kwenye mstari wa leo. Ikisahauliwa, programu haitoi onyo lolote. Kinyume chake, `shift(-1)` huleta thamani ya kesho kwenye mstari wa leo, na kila mahali inapoonekana ndani ya hesabu ya ishara inapaswa kuulizwa sababu. Vivyo hivyo `rolling(..., center=True)`, inayokokotoa wastani kwa kuchukua siku za pande zote mbili, na `bfill()`, inayojaza pengo la data kwa thamani iliyopatikana baadaye.

### Bei ambayo kweli ingepatikana

Hata hesabu ya mpimaji wa pili ina ukarimu kidogo. Inachukulia kwamba mwekezaji aliona bei ya kufunga, akakokotoa wastani, kisha akanunua kwa bei hiyohiyo. Kiutendaji bei ya mwisho ikijulikana, soko limefungwa. Wapimaji wakali hutumia bei ya kufungulia ya siku inayofuata, au hukokotoa ishara kwa bei ya dakika chache kabla ya kufunga. Katika siku tulivu tofauti ni ndogo. Tarehe 16 Machi 2020 haikuwa tulivu: biashara ilisimamishwa kwa dakika 15 muda mfupi tu baada ya kufunguliwa, kwa kuwa fahirisi ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya asilimia 7. Bei ya Ijumaa jioni na bei ya Jumatatu asubuhi zilikuwa mbali sana.

## Kosa linaloingia kupitia data

Mpimaji anaweza kusogeza ishara ipasavyo na bado akachungulia, kwa sababu data yenyewe imeandikwa na mtu aliyekwisha kuona mbele. Aina hii ni ngumu zaidi, kwani hakuna mstari wa programu wa kusahihisha.

Chanzo kinachojirudia sana ni hesabu za kampuni. Faida ya mwaka unaoishia tarehe 31 Desemba huandikwa katika jedwali kwa tarehe hiyo. Lakini tarehe hiyo wahasibu ndio kwanza wanaanza kufunga vitabu. Nchini Marekani kampuni kubwa zinazouza hisa kwa umma hupewa siku 60 baada ya mwisho wa mwaka wa fedha kuwasilisha ripoti yao ya mwaka, na kampuni ndogo hupewa hadi siku 90. Mbinu inayonunua mwanzoni mwa Januari hisa za kampuni "zenye faida kubwa mwaka uliopita" inaweza kuwa inasoma ripoti ambazo zingetoka Februari au Machi. Na kwa kuwa bei hupanda ripoti nzuri inapotangazwa, mbinu hiyo huonekana imenunua kabla ya kila habari njema.

Tena takwimu hubadilishwa baadaye. Kampuni ya nishati ya Enron ilitangaza tarehe 8 Novemba 2001 kwamba inasahihisha hesabu zake za tangu 1997, na faida yake ya miaka ile ikapunguzwa kwa dola milioni 586. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Desemba, iliomba ulinzi wa mufilisi. Mtu anayepima leo mbinu ya kuepuka kampuni zenye faida dhaifu, akitumia takwimu zilizosahihishwa, ataiona kompyuta yake ikiwa na mashaka na Enron mwaka 1999. Aliyekuwa hai na kuwekeza mwaka 1999 alisoma takwimu nyingine. Dawa yake ni data inayohifadhi tarehe mbili kwa kila namba: tarehe ya kipindi kinachoelezwa, na tarehe ambayo namba hiyo ilitolewa kwa umma kwa mara ya kwanza. Data ya namna hiyo ni ghali kuliko ya kawaida, na mpimaji asiyeimudu hana budi kuchelewesha kila ripoti kwa miezi mitatu au minne ili awe upande wa usalama.

Orodha ya kampuni nayo huvujisha habari. Anayechukua orodha ya leo ya S&P 500 na kupima mbinu yake kuanzia 2005 amekwisha kuchagua washindi kabla hajaanza. Tesla iliingia katika fahirisi hiyo tarehe 21 Desemba 2020, baada ya bei yake kupanda mno mwaka ule. Aliyekuwa akichagua ndani ya fahirisi hakuweza kuwa nayo wakati wa kupanda huko. Upande wa pili, benki ya Lehman Brothers, iliyofilisika tarehe 15 Septemba 2008, haimo katika orodha ya leo, na hasara yake inafutika katika jaribio kana kwamba haikuwahi kuwapo. Kinachohitajika ni orodha ya wanachama kama ilivyokuwa kila siku ya jaribio, pamoja na bei za kampuni zilizokufa.

Bei zenyewe pia hurekebishwa. Hisa ya Apple iligawanywa nne kwa moja tarehe 31 Agosti 2020, na siku ya soko iliyotangulia ilikuwa imefunga kwa dola 499.23. Majedwali mengi leo yanaonyesha kwa siku hiyo takriban dola 124.81, ili mchoro usionyeshe anguko ambalo halikuwapo. Kwa kukokotoa mabadiliko ya asilimia marekebisho haya ni sahihi na ya lazima. Lakini kanuni inayotazama bei kwa dola, kwa mfano "nunua hisa za chini ya dola 150", itainunua Apple siku ambayo bei yake halisi ilikuwa karibu dola 500.

### Saa za masoko mbalimbali

Majedwali ya bei yanapounganishwa kwa tarehe peke yake, mtego mwingine hutegwa. Soko la Hisa la Nairobi hufunga biashara saa tisa alasiri. Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki, au saa kumi na moja na nusu kutegemea majira, na hufungwa saa tano au saa sita usiku. Kwa hiyo jedwali linaloweka bei za Nairobi na za New York kwenye mstari mmoja wa Jumanne linachanganya alasiri na usiku wake. Kanuni isemayo "nunua Nairobi siku ambayo New York imepanda" itaonekana kufuata mantiki, ilhali inahitaji mnunuzi wa Nairobi ajue habari ya soko ambalo bado halijafunguliwa. Kwa jozi hiyo, kinachoweza kutumika Jumanne ni bei ya New York ya Jumatatu. Hali hubadilika kwa masoko ya mashariki: Tokyo inakuwa imekwisha kufungwa asubuhi ya Nairobi, na bei yake ya siku hiyohiyo ni halali.

## Takwimu za kipindi kizima

Aina moja huwakamata hasa wenye ujuzi wa takwimu. Kabla ya kupima, mpimaji hukokotoa wastani, kilele au mkengeuko wa bei zote za jedwali, kisha hulinganisha kila siku na namba hiyo. Tuseme kanuni ni kununua siku zilizo katika asilimia moja ya bei za chini kabisa za mwaka 2020. Kwa S&P 500 kanuni hii itanunua karibu na tarehe 23 Machi, siku ya bei ya chini kabisa ya mwaka huo, na kuuza kwa faida nono. Lakini jioni ya tarehe 23 Machi hakuna aliyejua kwamba hiyo ndiyo sakafu. Ilijulikana baada ya miezi kadhaa. Aliyekuwa akinunua kila bei ilipokuwa ya chini kuliko zote zilizotangulia angeanza mapema zaidi na kubeba anguko lililobaki.

Kosa hilohilo hujificha katika kusawazisha data kabla ya kuilisha kwenye modeli ya kompyuta. Ikiwa wastani wa kusawazishia umekokotolewa kwa miaka yote kumi, basi data ya mwaka wa kwanza tayari imebeba harufu ya mwaka wa kumi. Hesabu za namna hii zinapaswa kufanywa kwa dirisha linaloishia siku inayohusika.

## Namna ya kulitambua

Dalili ya kwanza ni matokeo yenyewe. Mbinu inayoleta faida karibu kila mwezi, isiyo na kipindi kirefu cha hasara na ambayo mstari wake wa faida umenyooka kama rula, inastahili kushukiwa kabla ya kushangiliwa. Hata hivyo hisia pekee hazitoshi, na yapo majaribio ya kufanya.

Jaribio la *kuchelewesha* ni jepesi: ishara zote husogezwa mbele kwa siku moja zaidi na hesabu ikarudiwa. Mbinu inayofuata mwelekeo wa miezi mingi haipaswi kupoteza sana kwa kuchelewa siku moja. Faida ikiporomoka yote kwa mpigo, yaelekea ilikuwa imejengwa juu ya siku moja ya kuchungulia. Zipo mbinu za haraka ambazo kweli hutegemea siku ya kwanza, hivyo kuporomoka ni sababu ya kukagua zaidi, si hukumu.

Jaribio la *kukata* huchagua siku moja, tuseme tarehe 19 Machi, na kufuta data yote ya baada yake. Ishara hukokotolewa upya na kulinganishwa na ile ya jedwali kamili. Zikitofautiana, kuna kitu kinachosoma mbele. Jaribio hili hukamata vizuri wastani wa pande mbili, kujaza mapengo kwa nyuma na takwimu za kipindi kizima. Lakini kosa la mpimaji wa kwanza wa Machi 2020 hupita humo bila kuguswa. Ishara yake ya kila siku ilikuwa halali. Haramu ilikuwa kuiunganisha na badiliko la siku ileile, na hilo hufanyika baada ya ishara kukokotolewa.

Kwa kosa hilo hutumika jaribio la *bei za bahati nasibu*. Kompyuta hutengeneza bei ambazo kila siku hupanda au kushuka kwa bahati tupu, kama kurusha sarafu, na mbinu hupimwa juu ya bei hizo mara mamia. Hakuna kanuni inayoweza kupata faida ya kudumu katika mfululizo kama huo. Baadhi ya majaribio yatatoa faida na mengine hasara, na wastani wake utakuwa karibu na sifuri. Programu ya mpimaji wa kwanza ikilishwa bei hizi itaonyesha faida karibu kila mara, na hapo hakuna tena la kubishana.

Jaribio hili nalo lina mpaka wake. Bei za bahati nasibu hazina ripoti za Enron wala orodha yenye Tesla, kwa hiyo haliwezi kufichua data iliyorekebishwa. Kwa upande huo iliyobaki ni kazi ya mkono: kuchukua miamala michache iliyoleta faida kubwa kuliko yote, na kwa kila mmoja kuandika saa ambayo kila namba iliyotumika ilitoka kwa umma. Huanzwa na miamala yenye faida kubwa kwa sababu kosa, likiwapo, hukaa huko. Katika mfano wa Machi 2020, muamala wa tarehe 13 pekee ungetosha: faida ya asilimia 9.29 iliyoanza kuhesabiwa jioni ya tarehe 12, kwa ishara iliyotoka jioni ya tarehe 13.

## Tofauti na kurekebisha kupita kiasi

Kosa la kuchungulia mbele huchanganywa na kosa la kurekebisha mbinu kupita kiasi, yaani kujaribu kanuni mamia hadi moja iendane na historia kwa bahati. Katika kurekebisha kupita kiasi kila muamala ungewezekana kweli siku ile. Kilichotoka mbele ni uchaguzi wa kanuni. Kuweka akiba ya miaka kadhaa ya data isiyoguswa, na kuipimia mbinu mwishoni, husaidia kufichua kosa hilo la pili. Halisaidii chochote kwa la kwanza: programu iliyosahau `shift(1)` itachungulia ndani ya data ya akiba kama ilivyochungulia ndani ya ile ya mwanzo, na faida ya uongo itaonekana kuthibitishwa mara mbili.